Visanduku na Mistari: Utangulizi wa Hesabu ya Kutegemeka kwa Mifumo

Picha tutakayoisoma pamoja ni ya aina ambayo mwanafunzi au fundi huipiga kwa simu akamtumia mwenzake: karatasi ya daftari, kalamu ya wino, visanduku sita vilivyounganishwa kwa mistari. Kushoto kuna visanduku viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kimeandikwa Gridi 0.90, cha chini Jenereta 0.80. Mistari yao inakutana kwenye kisanduku kimoja, Chenjiova 0.98, yaani swichi inayohamisha mzigo kutoka umeme wa gridi kwenda wa jenereta. Baada ya hapo mstari unagawanyika tena mara mbili, unapita Pampu 1 na Pampu 2, kila moja 0.85, kisha unaungana na kuingia kisanduku cha mwisho, Bomba 0.99, ambalo hupandisha maji hadi kwenye tangi. Ni mtambo mdogo wa maji, wa aina ambayo kituo cha afya au shule ya bweni inaweza kuwa nao. Namba nimezichagua mimi kwa ajili ya somo hili. Mpangilio wake ni wa kawaida kabisa.

Swali lililoandikwa chini ya picha ni fupi: mfumo huu unategemeka kwa kiasi gani?

Kabla ya kuzidisha chochote tukubaliane namba hizo zinasema nini. Pampu yenye 0.85 ni pampu ambayo, tukiichungulia katika saa ambayo maji yanahitajika, tutaikuta nzima mara 85 katika kila mara 100. Jenereta ina 0.80 kwa sababu jenereta iliyokaa kimya muda mrefu huweza kukataa kuwaka, betri yake ikawa imelala au dizeli imekwisha. Namba ya kutegemeka isiyofungwa kwenye saa, siku au tukio fulani haisemi kitu. Pampu ile ile inaweza kuwa na 0.99 ya kumaliza leo bila kuharibika, na 0.40 ya kumaliza mwaka. Ukikuta picha yenye namba bila maelezo hayo, ulizia kwanza, hesabu baadaye.

Sasa weka kidole upande wa kushoto wa picha na usogee kuelekea kulia. Kila unapopita kisanduku ambacho hakina njia ya kukizunguka, uko kwenye mfuatano: kisanduku hicho kikifa, safari imekwisha. Kila mstari unapogawanyika na kukutana tena mbele, uko kwenye sambamba: tawi moja likifa, jingine linakuvusha. Katika picha yetu kidole kinakutana na mgawanyiko, kisha kisanduku cha peke yake, mgawanyiko mwingine, kisha kisanduku cha peke yake. Kwa hiyo mfumo mzima ni mfuatano wa hatua nne, na mbili kati ya hizo zina sambamba ndani yake.

Kwenye sambamba tunahesabu kufa, hatuhesabu kupona. Umeme unakosekana pale tu gridi na jenereta zinapokosekana kwa pamoja. Uwezekano wa gridi kukosekana ni 0.10, wa jenereta ni 0.20, na wa zote mbili kwa wakati mmoja ni 0.10 × 0.20, yaani 0.02. Basi umeme unapatikana kwa 0.98. Pampu nazo hivyo hivyo: 0.15 × 0.15 ni 0.0225, kwa hiyo walau moja itakuwa nzima kwa 0.9775. Baada ya hapo zinabaki hatua nne zilizopangwa mstari mmoja, na katika mfuatano tunazidisha kupona:

```
0.98 × 0.98 × 0.9775 × 0.99 = 0.929
```

Maji yatapanda tangini mara 93 hivi katika kila mara 100 yanapohitajika. Makosa mawili huonekana sana kwa wanaoanza. La kwanza ni kuzidisha namba zote sita kana kwamba zimepangwa foleni, na hapo jibu linakuwa 0.505, mtambo unaofeli mara moja katika kila mara mbili. La pili ni kujumlisha 0.85 na 0.85 kwenye pampu na kupata 1.70, uwezekano ambao hauwezi kuwepo. Yote mawili unaweza kuyanasa bila kikokotoo. Kundi la sambamba lazima liwe bora kuliko tawi lake lililo bora zaidi, na mfuatano lazima uwe dhaifu kuliko kiungo chake dhaifu kabisa.

Hilo la mfuatano ndilo linalowashangaza watu, na liliwahi kuwashangaza wahandisi wakubwa. Tumezoea kusema mnyororo una nguvu za pete yake dhaifu kuliko zote. Kwa mnyororo wa kuvutia mzigo, maneno hayo yanatosha. Lakini kwa mtambo ambao kila sehemu inaweza kufa kwa bahati yake yenyewe, yanapotosha. Robert Lusser, mhandisi Mjerumani aliyefanya kazi kwenye kombora la V-1 wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kanuni ya kuzidisha. Wenye historia ya taaluma hii husimulia kwamba kundi lake lilianza kwa wazo la pete dhaifu, likahangaika kuimarisha sehemu zilizoonekana mbovu, na makombora yakaendelea kufeli, hadi mwanahisabati Erich Pieruschka alipowaonyesha kwamba uwezekano wa sehemu zote kupona ni zao la uwezekano wa kila moja. Chukua sehemu 100 zilizopangwa mfuatano, kila moja ikiwa na 0.99. Hakuna hata moja iliyo dhaifu. Hata hivyo 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100 inatoa 0.366, yaani mtambo wa sehemu nzuri tupu unafeli karibu mara mbili katika kila tatu.

Kuna njia nyingine ya kuisoma picha yetu, na mimi huipenda zaidi kwa sababu inaonyesha hatari mahali ilipo. Jiulize: nikifuta visanduku gani, vichache iwezekanavyo, hakuna njia itakayobaki kutoka kushoto hadi kulia? Utapata mikato minne. Futa gridi pamoja na jenereta. Au futa chenjiova peke yake. Au futa pampu zote mbili. Au futa bomba peke yake. Uwezekano wa kila mkato, kwa mpangilio huo, ni 0.02, 0.02, 0.0225 na 0.01. Ukijumlisha unapata 0.0725. Uwezekano halisi wa mfumo kufeli, kutokana na hesabu yetu ya juu, ni 0.0706. Jumla ya mikato siku zote huwa sawa na kufeli halisi au hukuzidi, maana inahesabu mara mbili zile nyakati ambapo mikato miwili inatokea pamoja. Kwa hiyo ni kipimo kizuri cha haraka: mtu akikuletea jibu la kufeli lililo kubwa kuliko jumla ya mikato, amekosea mahali, na huhitaji kurudia hesabu yake yote ili kumwambia hivyo.

Mikato hiyo ndiyo inayoonyesha pia fedha ziende wapi. Mwenye mtambo akipata fedha kidogo, mawazo ya kwanza huenda kwenye pampu ya tatu, kwa kuwa pampu ndizo zinazoharibika mara kwa mara na ndizo zenye namba ndogo karatasini ukiacha jenereta. Pampu ya tatu inapandisha mfumo kutoka 0.929 hadi 0.948. Lakini ukiiacha pampu, ukabadilisha chenjiova iliyochakaa kwa nyingine yenye 0.995, mfumo unafika 0.944. Faida inakaribiana, na swichi huenda ikagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya pampu, usafirishaji wake na kuifunga. Tena kuna ukuta ambao pampu haziwezi kuuvuka. Hata ukifunga pampu kumi, hatua ile ya pampu itakaribia 1 na kuishia hapo, na mfumo mzima hautapita 0.98 × 0.98 × 0.99, ambayo ni 0.951. Kisanduku cha peke yake kati ya makundi mawili ya sambamba, hata kama kinaonekana kizuri, kinaviwekea dari vyote vilivyokizunguka.

Mpaka hapa tumeiamini picha. Ni lazima tuiangalie pia kama picha. Simu hupigwa kwa pembe, mwanga unaakisi kwenye karatasi, kivuli cha mkono kinafunika kona. Alama ndogo kuliko zote katika michoro hii ni nukta inayowekwa pale mistari miwili inapokatana, kuonyesha kwamba imeungana kweli na haipitani tu. Tuseme kuna mchoro wenye matawi mawili: juu Stata A kisha Pampu A, chini Stata B kisha Pampu B, kila kisanduku 0.90. Katikati, baina ya stata na pampu, kuna mstari wima unaounganisha matawi hayo. Kama muunganiko huo ni wa kweli, stata yoyote inaweza kuwasha pampu yoyote. Tunapata hatua mbili za sambamba, 0.99 kwa 0.99, sawa na 0.9801. Kama hakuna nukta, na mstari ule ni waya wa kitu kingine unaopita tu, kila stata imefungwa na pampu yake. Kila tawi ni 0.81, na matawi mawili kwa pamoja yanatoa 0.9639. Kufeli kumepanda kutoka 0.0199 hadi 0.0361, karibu mara mbili, kwa sababu ya nukta moja iliyopotea kwenye mwako wa taa ya simu.

Na ikiwa katikati pale pana swichi ambayo nayo inaweza kufa, mchoro haukunjiki tena kuwa mfuatano na sambamba kwa urahisi. Hapo tunaigawa hesabu mara mbili, kwanza tukidhani swichi ni nzima, kisha tukidhani imekufa, halafu kila jibu tunalizidisha kwa uwezekano wa dhana yake. Kwa swichi ya 0.90 tunapata 0.90 × 0.9801 + 0.10 × 0.9639, yaani 0.978. Mbinu hiyo moja inatosha kufungua karibu kila mchoro wenye mstari wa kukatisha utakaokutana nao mwanzoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha taaluma hii. Mfuatano na sambamba haviko kwenye mabomba. Viko kwenye swali unaloliuliza mtambo.

Rudi kwenye pampu mbili za picha yetu. Tulizihesabu kama sambamba kwa sababu tulidhani pampu moja inatosha kujaza tangi. Wakati wa mvua huenda ni kweli. Kiangazi kikifika, watumiaji wakaongezeka na maji ya kisima yakashuka, pampu moja haitoshi tena na zote mbili lazima zifanye kazi kwa pamoja. Mabomba hayajabadilika, mchoro wa fundi haujabadilika, wala namba zilizoandikwa kwenye visanduku. Lakini pampu moja ikifa, kazi imeshindikana, na huo ni mfuatano: 0.85 × 0.85, yaani 0.7225. Mfumo mzima unashuka hadi 0.687. Mtambo ule ule, mwezi mwingine, umetoka kwenye kufeli mara 7 katika 100 hadi mara 31. Kwa hiyo kabla ya hesabu andika chini ya picha sentensi moja kamili inayosema mfumo unahesabiwa kuwa umefanya kazi pale nini kinapotokea. Sentensi hiyo ikibadilika, mchoro wa kutegemeka unachorwa upya hata kama hakuna msumari uliohamishwa.

Vali zinaonyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Kila pampu huwa na vali ya kuzuia maji yasirudi, ambayo hufunguka pampu inaposukuma na kujifunga inaposimama. Vali hii ina namna mbili za kufa: inaweza kugoma kufunguka, au inaweza kugoma kufunga. Tukiuliza kama maji yatapanda, vali mbili za matawi mawili ni sambamba, maana ikigoma moja kufunguka, tawi la pili litapitisha. Tukiuliza kama maji yaliyokwisha kupanda yatabaki juu usiku pampu zote zikiwa zimezimwa, lazima vali zote mbili ziwe zimefunga, kwa kuwa maji yatateremka kupitia ile moja iliyobaki wazi. Hapo ni mfuatano. Kama kila vali hufunga ipasavyo kwa 0.95, kuzuia maji kuna 0.9025 tu, na kila tawi jipya unaloongeza kwa nia ya kujihakikishia maji linaongeza mlango mwingine wa maji kurudi. Dalili zake fundi anazijua: pampu iliyozimwa inazunguka kinyume wakati mwenzake anasukuma, mshale wa presha unashuka, tangi halijai ingawa mota inanguruma vizuri. Mwaka 1956 Edward Moore na Claude Shannon walilishughulikia tatizo la ukoo huu huu kwa rilei za umeme, ambazo nazo huweza kugoma kufunga sakiti au kugoma kuifungua. Walionyesha kwamba kwa kupanga rilei nyingi kwa mfuatano na sambamba kwa pamoja unaweza kupata sakiti inayotegemeka kuliko rilei yoyote iliyomo ndani yake, kwa kufeli kwa aina zote mbili.

Limebaki dai ambalo tumelipitisha kimyakimya tangu mwanzo. Tulipozidisha 0.15 kwa 0.15 tulidai kwamba pampu hizi mbili hazijuani, kwamba kufa kwa moja hakusemi lolote kuhusu nyingine. Lakini zinanyonya kisima kimoja, mchanga uleule, umeme uleule unaopanda na kushuka, na huenda zilinunuliwa siku moja. Tuseme katika ile 0.15 ya kufeli, 0.03 inatokana na jambo linaloziangusha zote kwa pigo moja. Njia ya kulichora ni kuongeza kisanduku kipya kwenye mfuatano, kiite Sababu ya Pamoja, chenye 0.97, na kubakiza ndani ya sambamba zile hitilafu za kila pampu peke yake, ambazo sasa ni 0.124 hivi. Uwezekano wa kukosa pampu zote unapanda kutoka 0.0225 hadi 0.045 hivi, mara mbili ya tulichodhani, na mfumo mzima unashuka hadi 0.908. Hata ukiongeza pampu ya tatu na ya nne kwenye kisima hicho, hatua hiyo haitapita 0.97.

Tarehe 11 Machi 2011, kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi huko Japani, tetemeko lilikata umeme wa gridi, na jenereta za dharura zikawaka kama zilivyopangwa. Muda usiofika saa moja baadaye tsunami iliingia. Jenereta zilikuwa nyingi, lakini nyingi kati yake zilikaa katika vyumba vya chini vya majengo na zilipozwa kwa maji ya bahari, kwa hiyo pigo lililotosha kuua moja lilitosha kuua nyingine. Iliyoendelea kufanya kazi ilikuwa jenereta moja ya kinu namba 6, iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu zaidi, na hiyo moja ikalisha vinu namba 5 na 6 vyote viwili. Iliokoka kwa kuwa tofauti na wenzake. Katika picha yetu, pampu ya pili yenye thamani kubwa ni ile iliyo kwenye kisima kingine, au inayotumia chanzo kingine cha nishati. Na ikiwa ukingo wa kushoto wa picha umekatwa, muulize aliyeipiga kilichobaki nje. Mara nyingi ni kisima, kisanduku kimoja kinacholisha vyote, ambacho mchoraji hakukihesabu kama kifaa.

Muda nao utauliza zamu yake mara tu utakapoendelea mbele katika somo hili. Pampu mbili za sambamba zisizorekebishwa, zenye uwezekano usiobadilika wa kuharibika kila saa na zikifanya kazi zote tangu siku ya kwanza, hazidumu kwa wastani mara mbili ya pampu moja. Zinadumu mara moja na nusu, na ya tatu inaongeza theluthi moja tu. Kinachoifanya pampu ya pili iwe na faida kubwa ni ukarabati. Moja ikifa, nyingine inashika kazi mpaka fundi afike, na mfumo unaanguka pale tu ya pili inapokufa ndani ya siku hizo chache za kusubiri kipuri. Faida hiyo ina sharti: lazima mtu ajue kwamba moja imekufa. Pampu ya akiba iliyoungua koili miezi sita iliyopita bila mtu kugundua bado inaonekana kwenye karatasi kama kisanduku chenye 0.85, wakati ukweli wake ni sifuri na hatua ya pampu imekuwa mfuatano mtupu kwa nusu mwaka. Mafundi wazoefu hubadilisha zamu za pampu, wiki hii ya kwanza, wiki ijayo ya pili, na kuandika kwenye daftari saa ambazo kila moja imefanya kazi. Daftari hilo ndilo linalozipa namba za kwenye visanduku haki ya kuandikwa.